Dakika 34 za Kimya

Simu iliita saa nne usiku, na nilipoona ni mpwa wangu nikajua si salamu tu. Ana miezi saba tangu aanze kufundisha shule ya msingi, na kwa miezi hiyo saba amekuwa akilala saa tatu, hoi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vipi, hujalala?"

"Mjomba, video yangu haina sauti."

Akanieleza kwa pumzi moja. Alikuwa amemaliza kurekodi somo lake la kwanza la video, hesabu za Darasa la Tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Dakika 34. Alikuwa amewafukuza wadogo zake sebuleni, amezima feni, amefunga kuku kwenye tenga ili jogoo asiharibu kazi. Akafundisha kama anavyofundisha darasani, akauliza maswali na kuyajibu mwenyewe, akasema "Kwaherini, wanafunzi wangu," akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha akajimiminia chai na kukaa kujitazama. Picha ilikuwa safi. Midomo ilikuwa inacheza. Hakuna neno hata moja lililosikika.

"Nimepandisha sauti ya kompyuta mpaka mwisho," alisema. "Nimechomeka hedifoni. Nimeihamishia kwenye simu. Mjomba, wewe si fundi sauti? Huwezi kuiongeza?"

Kweli mimi ni fundi sauti. Nimekaa nyuma ya mitambo ya redio miaka mingi, na katika kazi yetu kimya ndicho kitu tunachokiogopa kuliko kelele. Nikamwambia anitumie faili lile, asilifute, na alale. Yeye hakulala, na mimi sikulala.

Sifuri milioni 98

Ili kuelewa kwa nini swali lake lilikuwa zito, inafaa kujua kompyuta inafanya nini unapoongea mbele ya maiki. Haihifadhi sauti kama kanda ya kaseti ilivyokuwa ikifanya. Inachofanya ni kupima mtikisiko wa hewa unaoingia kwenye maiki, na kila ikipima inaandika namba. Katika video za kawaida inapima mara 48,000 kwa kila sekunde. Hewa ikisukumwa mbele, namba inapanda juu ya sifuri. Ikivutwa nyuma, inashuka chini yake. Ukizichora namba hizo kwa mfululizo unapata ule mchoro wa mawimbi ambao mafundi wa studio hukaa wakiukodolea macho kutwa nzima.

Nilitoa sauti kwenye faili la mpwa wangu na kuifungua katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Nilikuwa natumaini kuona mawimbi madogo. Mtu akiongea mbali na maiki, au kipimo cha kuingizia sauti kikiwa chini, mchoro huwa mwembamba kama uzi wenye vinundu. Uzi ule unatibika: unaiambia programu izidishe kila namba kwa 10 au kwa 20, na vinundu vinakuwa mawimbi. Bila shaka feni na jirani anayetwanga vinazidishwa vilevile, kwa hiyo unapata sauti yenye ukungu, lakini maneno yanasikika na mtoto anaweza kujifunza.

Mchoro wa mpwa wangu haukuwa uzi wenye vinundu. Ulikuwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Nikausogeza karibu, nikausogeza tena, hadi kila namba ikaonekana kama kitone peke yake. Vitone vyote vilikuwa juu ya mstari wa sifuri.

Hapo nikajua, kwa sababu chumba chenye watu hakitoi mstari wa namna ile. Hata chumba kitupu hakitoi. Zima feni, funga madirisha, zuia pumzi, na maiki iliyo wazi bado itaandika kitu: friji linalonguruma chumba cha pili, bodaboda barabarani, vumo la nyaya za maiki yenyewe. Sisi mafundi tunakijua kimya hicho na tunakihesabu kuwa ni sauti, kwa sababu kina uhai ndani yake. Kimya cha sifuri tupu hakipatikani kwenye chumba chochote duniani. Kikitokea, maana yake ni kwamba mahali fulani njiani mlango ulifungwa. Maiki ilisikia, lakini kilichosikiwa hakikuruhusiwa kupita. Ndiyo hali tunayoiita maiki kunyamazishwa.

Asubuhi nilipompigia simu sikuwa na njia ya kulizunguka. Nikamuuliza, "Mwalimu wa hesabu, sifuri mara 20 ni ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Sifuri."

"Mara 1,000?"

"Mjomba, nimeelewa."

Dakika 34 ni sekunde 2,040. Kila sekunde ina namba 48,000. Faili lake lilikuwa na namba karibu milioni 98, na hapakuwa hata moja ya kuzidisha.

Vijiti vilivyocheza

Jumamosi nilikwenda kwa dada yangu nikaione kompyuta yenyewe. Mpwa wangu alikuwa ameiacha kama ilivyokuwa usiku ule, kama watu wanavyoacha gari baada ya ajali hadi askari wapime.

Alirekodi kwa OBS Studio, programu ya bure ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea wiki moja kabla. Chini ya skrini yake kuna sehemu iitwayo `Audio Mixer`, na ndani yake mstari wenye jina `Mic/Aux`. Huo ndio mstari wa maiki. Mbele ya jina kuna kijiti kirefu kilicholala, ambacho hurefuka na kufupika kufuata sauti inayoingia. Sehemu ya kushoto ni ya kijani, ya kati ni ya njano, na mwisho kabisa ni nyekundu. Mtu anayeongea vizuri, maiki ikiwa shibiri moja chini ya kidevu, hukifanya kijiti kiingie kwenye njano mara kwa mara na kisiguse nyekundu.

"Lakini kilikuwa kinacheza," mpwa wangu alisema. "Naapa, mjomba. Niliangalia kabla sijaanza. Nilisema 'haloo, haloo' na kijiti kikaruka."

"Ongea sasa."

"Haloo, haloo."

Kijiti kikaruka. Hakudanganya. Nikamwambia aongee tena, safari hii asiangalie mwendo bali aangalie rangi. Akainama karibu na skrini. Kijiti kilikuwa kinakwenda na kurudi, kinapanda kwenye herufi "a" na kushuka kwenye "l", na chote kilikuwa cha kijivu. Hakuna kijani, hakuna njano. Kando yake palikuwa na alama ndogo ya spika, nyekundu, imekatwa.

Programu haikuwa imekosea kitu. Maiki ikinyamazishwa, inaendelea kukuonyesha kwamba sauti inaingia, ili ukifungua ujue utapata nini. Ila inaipaka kijivu kukwambia kwamba haitoki. Ni kama mita ya maji nyumbani: gurudumu linazunguka, lakini kama bomba limepasuka baada ya mita, ndoo yako ni tupu. Mpwa wangu alitazama gurudumu. Jicho la binadamu, likiona kitu kinacheza, huamini kwamba kinafanya kazi.

"Sasa nani aliinyamazisha?" niliuliza. "Hii haijinyamazishi yenyewe."

Akakaa akifikiri, kisha akashika mdomo. Jioni ile, alipowasha kila kitu, sauti yake mwenyewe ilikuwa inatoka kwenye spika za kompyuta, imechelewa kidogo nyuma ya midomo yake. Akisema "nusu", kompyuta inasema "nusu" wakati yeye ameshafika "theluthi". Aliyewahi kujisikia hivyo anajua: ulimi unajikwaa, maneno yanavutana, mtu mzima anagugumia kama anajifunza kuongea. Isitoshe, sauti ile ilitoka kwenye spika ikarudi kwenye maiki na kuanza kuvuma. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu magharibi, na betri ya kompyuta ile imechoka, haifiki saa nzima. Hakuwa na muda wa kuchunguza. Akatafuta pa kuzima mwangwi, akaona alama ya spika, akaibonyeza. Mwangwi ukakoma papo hapo.

Ukimweleza mtu yeyote hadithi hii anaona alifanya jambo la akili. Tatizo lilitoka kwenye spika, akazima spika. Kumbe alama ile imechorwa kama spika lakini inasimamia mstari mzima wa maiki. Alipoibonyeza alizima mwangwi, na pamoja nao akazima somo.

Msemaji ndiye wa mwisho kujua

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanacheka na kuuliza: mtu anaongeaje dakika 34 bila kugundua? Swali hilo lina jibu zuri kuliko kicheko.

Sauti yako mwenyewe haikufikii kwa njia ya maiki. Inakufikia kwa hewa, na zaidi ya hapo inapita kwenye mifupa ya kichwa chako moja kwa moja hadi sikioni. Maiki iwe wazi au imefungwa, wewe unajisikia vilevile. Katika chumba kizima, msemaji ndiye mtu pekee asiye na njia ya kujua kwamba hasikiki, na hajui kwa sababu ndiye anayejisikia vizuri kuliko wote.

Darasani jambo hilo halina madhara. Mwalimu akishusha sauti, dawati la nyuma linaanza kuchezacheza. Akiuliza "Tunaelewana?", wanafunzi 70 wanaitikia "Ndiyooo, madamu!", na mwalimu mzoefu anasikia ndani ya kile kiitikio ni wangapi wameelewa na ni wangapi wanaimba tu. Hata kwenye mkutano wa simu, mtu akisahau kufungua maiki, haipiti nusu dakika kabla mwenzake hajasema, "Hatukusikii." Wanaomsikiliza wanamrekebisha wakati kosa bado ni bichi.

Anayerekodi peke yake hana mtu wa kumwambia. Mpwa wangu aliniambia kwamba alipouliza "Tunaelewana?" usiku ule aliacha nafasi ya kiitikio, kama alivyozoea, akatazama kile kitobo cha kamera, kisha akaendelea. Kiitikio hakikuja, na wala hakukitarajia. Kwa hiyo kimya hakikumwambia lolote.

Hii ndiyo maana ushauri wa "kuwa makini" hauna msaada. Alikuwa makini. Alifunga hata jogoo. Alichokosa ni mwanafunzi mmoja wa kumwambia "madamu, hatusikii", na katika kurekodi mwanafunzi huyo lazima umtengeneze mwenyewe.

Huko redioni tunamtengeneza hivi. Rekodi sekunde 20 tu, ukiongea kwa sauti uliyokusudia kufundishia, na katikati ya maneno hayo kwaruza maiki kwa ukucha mara mbili tatu. Simamisha. Kisha nenda kwenye folda, fungua faili lenyewe, ulisikilize kwa hedifoni tangu mwanzo hadi mwisho. Usitosheke na kijiti. Usitosheke na sauti inayokurudia ukiwa unaongea, kwa kuwa hiyo inakuonyesha kinachoingia, si kilichohifadhiwa. Kati ya mdomo wako na faili kuna milango mingi: swichi ya maiki yenyewe, kitufe cha kunyamazisha kilicho kwenye kibodi za baadhi ya kompyuta, ruhusa ya maiki katika mipangilio ya kompyuta, na hiyo alama ya spika kwenye programu. Ukianza kukagua mlango mmoja mmoja, kuna siku utausahau mmoja. Faili liko nyuma ya milango yote. Likisikika, yote iko wazi.

Mkwaruzo una kazi yake. Kompyuta mpakato ina maiki yake ndogo pembeni ya skrini, na mara nyingi ndiyo inayorekodi huku wewe umejibana maiki mpya kifuani ukijiona mtangazaji. Sauti itapatikana, lakini ni ya mbali, ya mtu anayeongea chooni. Ukikwaruza maiki ya kifuani na faili likakupigia mkwaruzo mkali sikioni, maiki hiyo ndiyo inayotumika. Mkwaruzo ukisikika kwa mbali kama panya darini, ujue unarekodiwa na nyingine.

Alichokiona kwenye picha bubu

Mpwa wangu hakutaka kulitupa somo lile. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuingiza sauti upya juu ya picha: aitazame video na kuongea akifuata mkono wake. Tulijaribu dakika tano. Mkono ulikuwa mbele, sauti ikiukimbilia, akiwahi, anasubiri, akichelewa, anaruka neno. Alisikika kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Kwa video fupi yenye picha na vielelezo tu, njia hiyo inafaa. Kwa mwalimu anayeandika na kuongea kwa pamoja, ni mateso.

Lakini katika kujaribu alilazimika kuitazama video ile bubu mara tatu, na mara ya tatu akasimamisha picha ghafla.

"Mjomba, tazama hapa. Wewe ni mtoto wa Darasa la Tano. Hunisikii. Unaelewa nini?"

Kwenye ubao mdogo alikuwa ameandika nusu kujumlisha theluthi, 1/2 + 1/3. Mstari uliofuata ulikuwa 3/6 + 2/6. Mstari wa tatu, 5/6. Basi.

"Naona namba zimebadilika," nilisema.

"Hiyo sita imetoka wapi?"

Sikuiona imetoka wapi. Alikuwa ameieleza, na aliieleza vizuri kwa ushahidi wake mwenyewe: kwamba vipande vya nusu na vipande vya theluthi havilingani ukubwa, na huwezi kuhesabu pamoja vitu visivyolingana, kwa hiyo unatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ili vyote vikatwe sawa. Yote hayo yalikuwa mdomoni. Ubaoni palikuwa na jibu la swali ambalo hakuliandika. Darasani kosa hilo hufichika, kwa sababu mtoto asiyeelewa hunyoosha mkono na mwalimu hurudia kwa kuchora. Kwenye video mtoto huyo atabaki na mistari mitatu inayofuatana kama kiini macho.

Akachukua karatasi, akachora sinia la kashata la mstatili. Akalikata vipande sita, safu mbili za vipande vitatu vitatu. Nusu ya sinia ni safu moja, vipande vitatu. Theluthi ya sinia ni mkato mmoja wa kwenda chini, vipande viwili. Sasa vipande vyote vina ukubwa mmoja, na mtoto anaweza kuvihesabu kwa kidole: vitatu na viwili ni vitano, kati ya sita. Tano ya sita. Hata bila sauti, sita inaonekana ilikotoka.

Nikiwa mtu wa redio, niliyeishi kwa kuamini kwamba sauti ikitoka vizuri kazi imekwisha, niliona nimefundishwa kitu.

Marekebisho ya pili yalikuwa ya urefu. Nilimwambia asirekodi tena dakika 34 kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ya hasara kwanza: kosa likitokea kwenye kipande cha dakika sita, umepoteza dakika sita. Kuna sababu nyingine pia. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video za masomo ya edX, na wakakuta kwamba video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa mtu kuitazama haukuvuka dakika sita. Wale walikuwa watu wa kozi za vyuo. Sidhani kama mtoto wa Darasa la Tano, akiwa na simu ya mama yake mkononi, ana subira kuwazidi. Somo likagawanywa vipande vinne, kila kimoja na mfano mmoja.

Mara ya pili

Tulirekodi siku hiyohiyo alasiri. Akajibana maiki, akafungua `Audio Mixer`, akaona alama ya spika imerudi kuwa nyeupe na kijiti kinarukia kijani na njano. Akataka kuanza. Nikamwonyesha ukucha wangu.

"Rekodi ya majaribio, basi," alisema kwa sauti ya mtoto anayeambiwa anawe mikono. Akasema maneno yake ya sekunde 20, akakwaruza, akasimamisha, akafungua faili, akavaa hedifoni. Nikautazama uso wake. Ulikunjamana.

"Ipo, lakini iko mbali."

Panya darini. Tulipohamisha meza tulikuwa tumechomoa maiki na kuirudisha kwenye tundu jingine la USB, na kompyuta ikawa imerudi kwenye maiki yake ya ndani. Kijiti kilikuwa cha rangi sahihi, alama ilikuwa nyeupe, kila ishara ilisema sawa, na bado tungerekodi alasiri nzima kwa sauti ya chooni. Jaribio lililowekwa kwa ajili ya kosa la kwanza likakamata kosa ambalo hatukulifikiria. Tukachagua maiki upya, tukarudia sekunde 20, na safari hii mkwaruzo ulimfanya avue hedifoni kwa mshtuko.

Vipande vinne vilikwisha kabla ya magharibi. Jogoo aliwika mara moja katika kipande cha tatu, na tukamwacha.

Wakati anakunja nyaya, niliingia kwenye mipangilio nione ule mwangwi ulitokea wapi, kwa sababu programu ile ikiwekwa upya haikurudishii sauti yako. Mtu lazima aiagize. Chini ya `Advanced Audio Properties`, kwenye mstari wa maiki, palikuwa pameandikwa `Monitor and Output` badala ya `Monitor Off`. Nikakumbuka. Wiki iliyotangulia, nilipokuwa namwekea programu, niliwasha hiyo nisikilize ubora wa maiki kwa hedifoni zangu. Kisha dada yangu akaita chakula. Sikuizima. Yeye hana hedifoni kama zangu, akatumia spika, na mwangwi ukazaliwa.

Nikamwambia. Fundi wa miaka mingi, nimeacha mlango wazi, na yeye katika kuufunga akafunga na mwingine.

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama anayekagua daftari la mwanafunzi.

"Basi kosa tuligawane, mjomba. Wewe nusu. Mimi theluthi, kwa kutosikiliza faili."

"Hiyo ni tano ya sita. Moja iliyobaki ya nani?"

Taa ya sebuleni ikafifia, ikawaka tena, ikazimika. Kutoka jikoni tukamsikia mama yake akiguna.

"Ya huyo," akasema gizani.

Faili la dakika 34 hakulifuta. Na tangu siku ile, kila somo jipya analitazama mara mbili kabla ya kulituma kwenye kundi la wazazi: mara moja akiwa amefumba macho anasikiliza, na mara ya pili akiwa ameizima sauti kwa makusudi.